Chambavu: ndama mnene anachechemea ghafla na paja limevimba, uanzie wapi?

Mara nyingi mfugaji humwona mgonjwa asubuhi wakati wa kufungua zizi. Kundi linatoka, dume mmoja wa mwaka na kidogo anabaki nyuma, mguu wa nyuma haukanyagi vizuri. Jana jioni alikuwa anarukaruka na wenzake, na ni miongoni mwa wanono kuliko wote zizini. Unono wake na umri wake ni sehemu ya dalili, kwa sababu chambavu huchagua ng'ombe wachanga wanaokua haraka, kati ya miezi 6 na miaka 2. Ng'ombe dhaifu aliyekonda kwa kiangazi hakamatwi nao kirahisi hivyo.

Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata hatua ambazo tatizo lenyewe hupitia: mnyama anachechemea, kisha anavimba, kisha amekufa, kisha unajiuliza juu ya waliobaki. Anzia hapo ulipo. Ila nakuomba, hata kama mnyama wako bado yuko hai, usome sehemu ya mzoga kabla hujashika kisu.

Kinachotokea ndani ya msuli

Kidudu cha chambavu ni bakteria anayeishi udongoni akiwa katika umbo la mbegu ngumu zinazoitwa spora. Spora hudumu ardhini miaka mingi, hazisumbuliwi na jua wala kiangazi. Mvua kubwa au mafuriko yakiuchafua udongo, au watu wakichimba lambo, josho au mtaro, spora hupanda juu na kuingia kwenye majani. Ng'ombe huzila pamoja na nyasi. Zikiingia tumboni hupita hadi kwenye damu na kwenda kujificha kwenye misuli, na humo zinaweza kukaa kimya muda mrefu bila mnyama kuonyesha chochote.

Kinachoziamsha ni msuli kukosa hewa. Ndama akipigwa pembe, akiteleza kwenye matope, akibanwa kwenye lango la josho au akisafirishwa kwa lori, sehemu ya msuli huchubuka ndani na damu haipiti vizuri. Bakteria huyu hustawi mahali pasipo na oksijeni. Anapoota hutoa sumu inayoua msuli, na hutoa gesi. Msuli ukifa, hewa hupungua zaidi, naye huota zaidi, na ndiyo maana ugonjwa huenda mbio kiasi hicho. Tangu kuchechemea hadi kufa mara nyingi ni saa 12 hadi 48.

Kwa hiyo mnyama mmoja hamwambukizi mwenzake kwa kukaa naye zizini. Wakiugua watatu kwa wiki moja, ni kwamba walikula malisho yaleyale. Jambo hili tutalihitaji tukifika kwenye kundi lililobaki.

Anachechemea, lakini huoni uvimbe

Hii ndiyo nafasi yako ya kweli ya kumwokoa, na ndiyo inayopotezwa zaidi, kwa kuwa watu husubiri uvimbe ili wawe na hakika. Usisubiri. Fanya mambo mawili papo hapo: pima joto, na pitisha mkono.

Kipimajoto cha njia ya haja kubwa ni cha bei ndogo, na kila boma lingepaswa kuwa nacho. Joto la kawaida la ng'ombe ni kati ya 38 na 39.3. Ndama mwenye chambavu mwanzoni huwa na 41 au hata 42. Aliyevunjika, aliyeteguka au aliyechomwa na mwiba kwenye kwato hachemki hivyo siku ya kwanza. Ukikuta 38.7 na kwato ina jeraha au harufu, shughulika na kwato. Ukikuta 41.5 kwa mnyama mwenye miezi 14 ambaye hajachanjwa, mvua zikiwa zimeanza, mchukulie kuwa ana chambavu hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kisha mkono. Anza kwenye kiuno, shuka pajani, rudi mgongoni, begani, shingoni, hadi kidarini. Misuli mikubwa ndiyo hushikwa zaidi. Bonyeza pande zote mbili ulinganishe. Mwanzoni huenda usikute chochote zaidi ya sehemu ndogo yenye moto na maumivu, na mnyama atakutambulisha mwenyewe kwa kuruka ukiigusa.

Yapo magonjwa mengine yanayochechemesha yakiambatana na homa. Ugonjwa wa miguu na midomo hushika wengi kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na ukifungua mdomo utaona mate mengi na malengelenge. Homa ya siku tatu hukakamaza mnyama, uchechemeaji huhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na wengi hupona bila dawa. Chambavu hubaki kwenye mguu uleule, kwa mnyama mmoja au wawili, na kila saa inayopita hali ni mbaya zaidi.

Uvimbe umetokea: unauliza mkono, si jicho

Uvimbe wa chambavu hubadilika, na usipojua hilo utadanganyika. Saa za mwanzo ni wa moto, mgumu na wenye maumivu makali. Baadaye hupoa. Ngozi ya katikati inakuwa baridi, kavu na nyeusinyeusi, na mnyama haoni tena maumivu ukimbonyeza, kwa sababu nyama iliyo chini imekufa. Hapo ukipitisha vidole utasikia gesi ikichakarika chini ya ngozi kama karatasi kavu inayokunjwa. Hakuna dalili nyingine inayoitambulisha chambavu kwa hakika kiasi hicho kwa mnyama aliye hai.

Homa nayo inaweza kushuka wakati huohuo. Mfugaji akiona joto limeshuka na mnyama haumii tena mguuni, huona nafuu. La hasha. Joto linashuka kwa sababu mwili unashindwa.

Vitu vinavyofanana na uvimbe huu ni vichache, na mkono hutenganisha karibu vyote. Aliyeumwa na nyoka huvimba laini, unyevu, mara nyingi usoni au chini mguuni, na hapachakariki. Jipu huchukua siku kadhaa kukua, lina mahali palipo laini katikati, na mnyama anaendelea kula. Aliyepigwa teke huvimba bila homa kali. Anayekaribia zaidi ni mnyama aliyepata maambukizi ya bakteria wa jamaa hiyohiyo kupitia jeraha, sindano chafu, kuhasiwa au kuzaa. Huyo naye huvimba na kutoa gesi, ila utaona tundu au kidonda uvimbe ulikoanzia, na anaweza kuwa wa umri wowote. Matibabu yao ni yaleyale, lakini kinga haifanani, kwa hiyo mwambie daktari kama kulikuwa na jeraha.

Kondoo na mbuzi pia hupata chambavu. Kwao hutokea zaidi baada ya vidonda: kukatwa manyoya au mkia, kuhasiwa, au kuzaa kwa shida.

Kumtibu: lini inafaa na lini imechelewa

Dawa ni penisilini, kwa wingi na mapema. Wengi wetu tuna chupa ya oksitetrasaiklini nyumbani na mkono huikimbilia hiyo. Kwa chambavu, penisilini ndiyo chaguo la kwanza, na mpigie daktari wa mifugo kabla ya kuanza, maana yeye anaweza kuanza na ile inayoingia kwenye mshipa, inayofika haraka zaidi.

Kosa la dozi ni la kawaida mno, kwa hiyo tufanye hesabu. Dume wa kilo 150. Kiwango kinachotumika ni takriban uniti 22,000 kwa kila kilo, na daktari anaweza kukipandisha hadi 44,000. Kwa kiwango cha chini: 150 mara 22,000 ni uniti 3,300,000. Kama chupa yako ya penisilini ya prokeini ina uniti 300,000 kwa mililita, utahitaji mililita 11. Kama ni ile iliyochanganywa na streptomisini yenye uniti 200,000 kwa mililita, utahitaji mililita 16.5. Anayempa mnyama huyo mililita 5 kwa sababu ndizo alizozoea kumpa ndama mwenye kikohozi hajamtibu. Gawa dozi sehemu mbili, kila sehemu isizidi mililita 10, na rudia baada ya saa 12 ile siku ya kwanza. Baada ya hapo fuata maelekezo ya daktari.

Choma sindano kwenye shingo ya upande ulio mzima, kamwe usiichome kwenye uvimbe. Watu hudhani dawa ipelekwe palipo na ugonjwa, lakini nyama ile imekufa, damu haipiti, na dawa itabaki palepale ulipoiweka.

Usiuchane uvimbe ili gesi itoke, wala usiuchome kwa chuma cha moto. Najua wazee wengi wamelifanya hili na wapo wanaokumbuka mnyama aliyepona. Aliyepona alikuwa na ugonjwa mdogo, au hakuwa na chambavu. Kinachotokea hakika ni kwamba majimaji yaliyojaa bakteria yanamwagika zizini, yanakuwa spora, na zizi lako linabeba chambavu kwa miaka ijayo.

Ukimkuta mnyama amelala, uvimbe umekwisha kupoa na kuchakarika, hawezi kusimama, nafasi yake ni ndogo sana. Daktari akikushauri kuacha, si uvivu wake. Na mnyama aliye katika hali hiyo asichinjwe kuokoa nyama. Nyama ya mgonjwa wa chambavu haifai kuliwa, na mwenye dawa mwilini ana siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa.

Amekufa: kabla ya kisu

Hapa naomba usome polepole. Mnyama aliyekufa ghafla, tumbo limejaa, povu lenye damu linatoka puani, anaweza kuwa amekufa kwa chambavu. Anaweza pia kuwa amekufa kwa kimeta. Kwa macho tu huwezi kuapa, na tofauti yake kwako wewe ni kubwa kuliko kwa ng'ombe. Chambavu haina kawaida ya kushika watu. Kimeta huwashika, na huwaua. Katika kanda ya kaskazini ya Tanzania, Monduli na Ngorongoro zikiwamo, kimeta hujitokeza kwa mifugo, kwa wanyamapori na kwa watu waliochuna au kula mizoga.

Kuna ishara za kukuelekeza. Mzoga wa kimeta mara nyingi haukakamai, damu inayotoka puani, mdomoni na sehemu ya haja kubwa ni nyeusi na haigandi, na wanaokufa wanaweza kuwa wa umri wowote. Mzoga wa chambavu hujaa gesi haraka, mguu wenye ugonjwa husimama umenyooka hewani, na ukibonyeza paja bado pana mchakariko. Lakini kuna chambavu isiyoonyesha uvimbe wowote nje, kwa sababu imeshika moyo, kiwambo cha kifua, ulimi au misuli ya ndani kabisa. Na povu lenye damu hutokea kwa magonjwa yote mawili. Ndiyo maana kanuni ni moja: kila kifo cha ghafla ni kimeta hadi mtaalamu aseme sicho.

Kwa hiyo usipasue mzoga "kuangalia tu". Usichune ngozi, usigawe nyama, usiwape mbwa. Kimeta kikiwa ndani ya mzoga uliofungwa hakitengenezi spora kwa urahisi, huoza pamoja na mzoga. Unapoupasua, hewa inaingia, na spora zinatengenezwa kwa wingi juu ya udongo wako. Tendo la kufungua mzoga ndilo linaloligeuza eneo kuwa la hatari.

Mpigie afisa mifugo wa kata. Atachukua damu kidogo kutoka mshipa wa sikio, ataipaka kwenye kioo na kuitazama kwa hadubini au kuituma maabara. Kimeta kikishaondolewa kwenye orodha, yeye ndiye anaweza kufungua msuli na kuchukua kipande. Nyama ya chambavu anaijua: nyekundu ya kuelekea weusi, kavu, yenye matundu ya gesi kama sifongo, na harufu ya siagi iliyochacha. Kipande hicho kinathibitisha, na uthibitisho una faida, kwa sababu utajua ni chanjo gani hasa inayohitajika.

Mkiwa mnamsubiri, funikeni mzoga kwa matawi ya miiba na mtu abaki kuwafukuza mbwa, fisi na tai. Zibeni matundu ya mwili kwa vitambaa au nyasi, mkiwa mmevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mwenye kidonda mkononi asiguse.

Uzikeni palepale ulipoanguka. Kuuburuta hadi nje ya boma ni kusambaza damu njia nzima. Shimo liwe na kina cha mita 2, mbali na kisima, lambo na korongo la maji, nao udongo uliolowa damu na majani aliyolalia viingie pamoja naye. Palipo na kuni za kutosha, kuchoma hadi majivu ni bora zaidi kuliko kuzika, ila kwenye mbuga zisizo na miti najua hilo ni gumu. Watu huuliza juu ya chokaa. Kwa mzoga unaoshukiwa kimeta haipendekezwi, kwa kuwa kalsiamu iliyomo inaweza kuzisaidia spora kudumu. Kina na udongo wa kutosha juu yake ndivyo vya kutegemea. Zungushia miiba na uweke alama ili watoto wasichunge hapo.

Na kama mzoga ulikwisha pasuliwa na nyama imeliwa kabla hujasoma haya? Waliohusika wote wanawe kwa sabuni na maji mengi, nyama iliyobaki izikwe, na waende zahanati leo hii, wamweleze mganga kwamba walishika au kula mnyama aliyekufa ghafla. Wasingoje dalili. Kwa siku zinazofuata, kijipele kinachowasha kisichouma, chenye kidonda cheusi katikati, ni sababu ya kukimbilia hospitali, vilevile homa na maumivu makali ya tumbo. Kimeta cha watu hutibika vizuri kikiwahiwa.

Waliobaki: mfano wa boma moja

Tuchukue boma la Simanjiro, mwishoni mwa Novemba, wiki ya pili tangu mvua za vuli zianze. Kundi ni ng'ombe 60, kati yao 18 wana umri wa miezi 4 hadi miaka 2. Wamehamia bondeni ambako nyasi zimechipua kwanza. Jumatatu mtamba wa miezi 16 amekutwa amekufa. Jumatano asubuhi dume wa miezi 13 anachechemea, joto 41.4, paja la kulia lina moto. Hakuna aliyechanjwa tangu mwaka jana, na hawa wadogo hawajachanjwa kabisa.

Dume anapata penisilini saa hiyohiyo, hachungwi, anawekwa kivulini na maji. Kundi lote linaondolewa bondeni siku hiyo, kupelekwa malisho ya juu. Hili ni muhimu kama dawa, kwa sababu udongo wa bondeni ndio chanzo. Wapelekwe taratibu. Kuwakimbiza wadogo kwa fimbo ni kuwachubua misuli, na msuli uliochubuka ndio mlango.

Damu ya sikio ya mtamba inaonyesha hakuna kimeta. Sasa wadogo waliobaki wanahitaji kinga, lakini chanjo huchukua takriban siku 10 hadi 14 kujenga kinga. Katika pengo hilo wanaweza kufa wengine ambao spora zilikwisha amka. Kwa hiyo daktari anaweza kuamua wachanjwe na wakati huohuo wapewe penisilini ya kuwalinda.

Hapa pana mtego. Chanjo ya chambavu peke yake imetengenezwa kwa bakteria waliouawa, hivyo dawa haiidhuru. Lakini chanjo nyingi zinazouzwa kwetu ni za pamoja, kimeta na chambavu kwenye chupa moja, kama ile ya KEVEVAPI ya Kenya iitwayo Blanthrax. Upande wa kimeta wa chanjo za aina hiyo ni spora hai zilizodhoofishwa. Ukimchoma mnyama penisilini, unaziua, na utabaki na kinga ya chambavu bila ya kimeta. Kwa boma letu, kama chupa iliyopatikana ni ya pamoja, kuna njia mbili: kutumia chanjo na kuacha penisilini kwa wasio na dalili, huku kila mmoja akipimwa joto asubuhi na anayefika 40 anatibiwa, au kutumia zote mbili na kurudia chanjo ya pamoja wiki kadhaa baadaye dawa ikiwa imetoka mwilini. Mimi ningechagua ya kwanza pale ambapo kuna mtu wa kupima kila asubuhi, na ya pili pale ambapo hayupo. Kilicho muhimu ni daktari ajue nini kimechomwa na nini kinakuja kuchomwa.

Siku ya tisa baada ya chanjo ndama mwingine anakufa. Bomani watu wanasema chanjo imeua. Haikuua. Alikuwa amebeba ugonjwa, kinga haikuwa imefika. Mwelezeni mwenye mifugo jambo hili siku ya kuchanja, kabla halijatokea, kwa sababu likielezwa baadaye halisikiki.

Alichanjwa, mbona amekufa?

Swali hili lina majibu kadhaa, na tarehe ya kifo hutoboa siri nyingi. Akifa ndani ya wiki mbili tangu achanjwe, ni kama yule wa juu. Akifa miezi kadhaa baadaye akiwa ndama aliyechanjwa mara moja tu, tatizo ni dozi moja. Anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, ya pili ikifuata baada ya wiki 4 hadi 6 au kama maelezo ya chupa yanavyosema. Dozi ya kwanza huuamsha mwili tu. Waliochanjwa wakiwa chini ya miezi 3 nao ni wa kutilia shaka, kwani kinga waliyoinyonya kwa mama huizima chanjo. Anza na miezi 3 hadi 6, halafu rudia kila mwaka. Palipo na chambavu kila msimu, madaktari hurudia kila miezi 6.

Ukiona wanaanguka wa kila umri, na wote walichanjwa siku moja kutoka chupa moja, shaka inahamia kwenye chupa. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Wengi tunajua joto huiharibu, ila wachache wanajua kwamba kuganda pia huiharibu. Chupa iliyolazwa juu ya barafu kwenye boksi ikaganda, kisha ikayeyuka, inaonekana nzima na haifai kitu. Weka kitambaa au gazeti kati ya barafu na chupa. Itikise kabla ya kila kuvuta, kwa kuwa sehemu ya kazi hukaa chini, na asiyetikisa huwapa wa mwanzo maji na wa mwisho dozi nzito. Chupa ikishafunguliwa, imalizwe siku hiyo.

Angalia na mkono wa mchanjaji. Chanjo huingia chini ya ngozi, shingoni au nyuma ya bega. Kwenye kundi linalosukumana, sindano hupenya mkunjo wa ngozi na kutokea upande wa pili, dawa ikamwagika kwenye manyoya. Ukiona manyoya yamelowa, huyo hajachanjwa.

Mwisho, uliza alichanjwa nini. Ng'ombe mwenye alama ya kuchanjwa homa ya mapafu au miguu na midomo hana kinga yoyote ya chambavu, na nimeona wafugaji wakihesabu sindano badala ya majina. Andika kwenye daftari jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye chupa, tarehe na wanyama waliochomwa. Tanzania chanjo ya chambavu hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, kituo chake cha Kibaha, na afisa mifugo wa wilaya anaweza kukuagizia. Mwombe mapema. Sindano ya kila mwaka inapaswa kuwa imekwisha kuchomwa wiki 3 hadi 4 kabla ya mvua, na kwa ndama wa mara ya kwanza hesabu kurudi nyuma zaidi ili dozi zote mbili zitangulie mvua. Kwa boma la Simanjiro linalotazamia vuli ya Novemba, dozi ya kwanza ni mwishoni mwa Agosti na ya pili mwanzoni mwa Oktoba.